Kipele kando ya kola nyeupe

Bwana harusi kanyoa ndevu asubuhi ya siku yake, na shingo imemjibu kwa vipele. Picha zikifika kwenye kompyuta ya studio, vipele vya shavuni na vya kidevuni vinaondolewa kwa Healing Brush ya Photoshop, mguso mmoja kila kipele, na hakuna atakayejua vilikuwapo. Kinabaki kimoja tu, kilichokaa chini kabisa ya shingo, karibu kigusane na kola ya shati jeupe. Mhariri anakigusa kwa brashi ileile na kwa namna ileile. Kipele kinatoweka, lakini mahali pake panatokea doa la kijivu lenye weupe, na kola nayo imeingiwa na uchafu mwembamba pembeni. Akigusa tena ili kulifuta lile doa, linatanuka.

Brashi haijaharibika, wala faili halina kasoro. Hesabu iliyofanyika pale shingoni ndiyo iliyofanyika shavuni. Tofauti ni kwamba safari hii brashi ilipewa taarifa za vitu viwili, ngozi na kitambaa, ikaambiwa itafute jambo linalovipatanisha. Anayejua hesabu hiyo inachukua taarifa zake wapi anaweza kuizuia isichukue zile za kitambaa.

Tuanze na kinachofanyika kwenye ngozi tupu. Photoshop ina chombo kingine cha zamani zaidi, Clone Stamp, ambacho hunakili tu: unashika kitufe cha Alt, unabofya sehemu nzuri, kisha unapaka juu ya sehemu mbaya, na pikseli za pale zinahamia hapa kama zilivyo. Ukichota kwenye shavu lenye mwanga na kupaka shingoni kwenye kivuli, utaona kiraka cheupe. Healing Brush, iliyoingia katika Photoshop 7.0 mwaka 2002, ilikuja kuondoa kiraka hicho. Nayo unaichotea kwa Alt, lakini haihamishi rangi. Kutoka kwenye chanzo inachukua mchoro wa ngozi tu: vinyweleo, vitundu, mipando na mishuko midogo ya mwanga. Rangi na mwanga wa jumla inavisoma kwingine, yaani kwenye mpaka wa eneo ulilopaka, pale brashi yako ilipoishia na picha ya asili inapoanzia.

Mhandisi wa Adobe aliyeiandikia hesabu yake, Todor Georgiev, alieleza baadaye kwamba chombo hiki hutatua mlinganyo wa kihisabati unaolazimisha eneo lililopakwa liungane na mpaka wake bila mshono. Mwaka 2003 watafiti watatu wa Microsoft, Pérez, Gangnet na Blake, walichapisha njia ya jamii hiyohiyo, na chombo cha Heal cha programu huria ya GIMP nacho hutumia ndugu wa hesabu hizo. Fomula zinatofautiana kidogo, lakini tabia yao ni moja, na unaweza kuiona bila kuandika mlinganyo wowote. Fikiria ngozi inavyowambwa kwenye ngoma. Mdomo wa ngoma ukiwa sawa pande zote, ngozi inalala bapa. Upande mmoja wa mdomo ukiinuliwa, ngozi haiinuki pale pembeni peke yake: inapanda polepole kuanzia upande huo, na hata katikati inanyanyuka. Mdomo ni mpaka wa mguso wako wa brashi. Kimo cha ngozi ni kiasi cha mwanga ambacho programu itaongeza au kupunguza kwenye mchoro uliochota.

Sasa tutie tarakimu. Katika picha ya kawaida, mwanga wa kila pikseli huandikwa kwa namba kuanzia 0, ambayo ni nyeusi tititi, hadi 255, ambayo ni nyeupe pee. Tuseme ngozi ya shingo ya bwana harusi ina 80, kola ina 235, na ngozi safi uliyoichota shavuni ina 95. Mguso ukiwa katikati ya shingo, mpaka wote una 80. Programu inaona kwamba chanzo kimezidi kwa 15 kila upande, inapunguza 15 kote, na kipele kinageuka ngozi yenye 80. Hakuna aliyeona kitu.

Sogeza mguso uleule mpaka robo ya mzingo wake ikae juu ya kola. Kwenye robo tatu za mpaka, tofauti ni ileile ya kupunguza 15. Kwenye robo iliyobaki, programu inaona kwamba pale panatakiwa 235 ilhali chanzo kina 95, kwa hiyo inaagizwa iongeze 140. Kwa hesabu rahisi ya jamii hii, ile ya GIMP, kitakachoongezwa katikati ya duara ni wastani wa mzingo wote: robo tatu za kutoa 15, na robo ya kuongeza 140, jumla yake karibu 24. Katikati ya mguso, mahali ambapo kipele kilikuwa, ngozi itakuwa na 119 badala ya 80. Hilo ndilo doa la kijivu. Upande wa pili wa mstari mambo yanakwenda kinyume, kwa sababu pikseli za kola zilizofunikwa na brashi zimebadilishwa kwa mchoro wa ngozi, tena kwa mwanga unaoshuka kadiri unavyoiacha kola. Ndiyo maana kola inaonekana chafu.

Kinachowashangaza wengi ni jinsi inavyohitajika sehemu ndogo sana ya kola ili kuharibu kazi. Ikiwa ni sehemu moja tu ya kumi ya mzingo iliyogusa kitambaa, wastani unakuwa karibu na sifuri, na katikati panabaki na 95 za shavuni. Ni doa hafifu, ngozi iliyopauka kidogo, ambalo kwenye skrini ya studio yenye mwanga mkali huenda lisionekane, lakini picha ikichapishwa kubwa na kutiwa fremu, mama wa bwana harusi ataliona. Na ukiwa na kitu chenye utofauti mdogo, tuseme shingo ya 80 na shati la rangi ya udongo lenye 100, kosa hilohilo la kugusa ukingo halitaleta doa la kutajika. Ukubwa wa doa unategemea mambo mawili tu: pengo la mwanga kati ya pande mbili za ukingo, na sehemu ya mpaka wa brashi iliyoangukia upande usio wake.

Hapo inaeleweka pia kwa nini kurudia kunazidisha ubaya. Mguso wa pili hausomi picha ya awali. Unasoma picha iliyokwisha chafuka, na mpaka wake sasa unapita ndani ya doa. Unachokiponya ni ngozi kwa kipimo cha doa. Dawa ya doa lililokwisha tokea ni Ctrl+Z, si mguso mwingine.

Njia ya kuzuia inatoka mojakwamoja kwenye maelezo haya: mpaka unaosomwa usiguse kola. Ukiweza kupunguza brashi mpaka ikitoshee kipele na bado ibaki nafasi ya ngozi kati yake na kola, umemaliza, huhitaji kingine. Brashi iwe na ukingo mgumu, Hardness 100%, kwa sababu brashi laini inaenea mbali kuliko duara unaloliona na inaleta ukungu kwenye mchoro wa ngozi. Brashi kubwa kidogo tu kuliko kipele, mguso mmoja mfupi. Mkono mrefu unaoburuzwa kando ya kola ni mpaka mrefu kando ya kola.

Kipele chetu hakiruhusu hilo, kiko karibu mno. Hapa ndipo uteuzi unapoingia, na maelekezo ya Adobe wenyewe yanasema hivyo: penye utofauti mkali, teua eneo kwanza, uteuzi uwe mkubwa kuliko sehemu unayoiponya, lakini ufuate kwa usahihi mstari wa pikseli zinazotofautiana. Uteuzi ukiwapo, rangi za nje haziingii kwenye hesabu. Wengi hufuata nusu ya pili ya maelekezo hayo na kusahau ya kwanza. Wanachora uteuzi mdogo unaokibana kipele pande zote, kisha wanashangaa matokeo yana mabaka. Programu imezuiwa isione kola, sawa, lakini imezuiwa pia isione ngozi nzuri. Inahitaji ngozi safi ndani ya uteuzi, kukizunguka kipele, ili ipate kipimo cha 80. Kwa hiyo upande wa kola ufuate mstari, na upande wa shingo uende mbali, mara kadhaa ya upana wa kipele.

Kwa picha yetu kazi inakwenda hivi. Kuza picha hadi 200% au 300%. Fungua tabaka jipya tupu juu ya picha, na kwenye ubao wa Healing Brush weka Sample iwe Current & Below, ili marekebisho yote yakae kwenye tabaka hilo na picha ya asili isiguswe. Chukua Polygonal Lasso, hakikisha Feather ni 0, kisha bofya hatua kwa hatua kando ya kola. Ukitazama kwa karibu utaona kwamba ngozi haikutani na kitambaa kwa mstari mkali. Kati yao kuna pikseli mbili au tatu zilizochanganyika, si ngozi wala si kola. Mstari wa uteuzi upite upande wa ngozi wa pikseli hizo, uziache nje zote. Ukiwa na Feather ya pikseli 5, uteuzi unakuwa pazia linalopitisha mwanga, na weupe wa kola utarudi ndani kwa kiasi hichohicho. Baada ya kufunga uteuzi kwa upande wa shingo, bonyeza Ctrl+H kuficha vijimstari vinavyocheza, maana vinakuziba usione ukingo wenyewe. Uteuzi bado upo.

Sasa kuchota. Mpaka hapa tumezungumzia mpaka wa brashi tu, lakini chanzo nacho kina njia yake ya kuleta uchafu. Programu huhamisha kila upandaji na ushukaji wa mwanga uliomo kwenye chanzo, na haijui kama upandaji huo ni kinyweleo au ni ukingo wa kitambaa. Chanzo kikivuka kola nyingine, kivuli cha sikio au mstari wa mkufu, ukingo huo utahamia shingoni, umefifia lakini upo. Uteuzi hautakuokoa, kwa sababu unazuia mahali brashi inapopaka, hauzuii mahali inapochota. Ukiwa umeweka Aligned, kile kijalama cha msalaba kinachoonyesha chanzo kinakimbia sambamba na brashi, na ni hicho unachopaswa kukitazama unapopaka. Naona wahariri wengi macho yao yote yako kwenye kipele.

Kwa kipele cha kando ya kola, mahali pazuri pa kuchota ni palepale kando ya kola, sentimita chache kushoto au kulia, kwa umbali uleule kutoka kwenye kitambaa. Sababu ni mwanga. Kitambaa cheupe kinarudisha mwanga kwenye ngozi iliyo jirani nacho, au kinatupa kivuli chembamba chini yake, kwa hiyo ngozi pale haina namba moja: inabadilika polepole kadiri unavyoikaribia kola. Ngozi ya shavuni haina mabadiliko hayo. Ukiichota, kipele kitaondoka na kuacha kipande bapa kilichokatiza kivuli. Ukichota sambamba na kola, unahamisha na ule mshuko wa mwanga. Bofya kwa Alt, kisha gusa mara moja. Kola ikiwa imepinda, chota karibu zaidi, kwani chanzo kinachokwenda mbali kitajikuta juu ya kitambaa.

Ubaoni hapo kuna pia Diffusion, yenye vipimo vya 1 hadi 7. Inaamua mwanga wa mpakani uenee ndani kwa kasi gani. Ngozi yenye vitundu vingi au picha yenye chembechembe inataka namba ndogo, ngozi laini inataka kubwa. Kuibadilisha hupunguza au kuongeza upana wa doa, lakini hakuliondoi. Chanzo cha doa ni mpaka, na mpaka haujabadilika.

Umebaki uzi mwembamba, zile pikseli mbili tatu zilizoachwa nje ya uteuzi. Ikiwa kipele hakikuzifikia, ziache. Ikiwa kilizifikia, hiyo si kazi ya Healing Brush kabisa. Ondoa uteuzi kwa Ctrl+D, chukua Clone Stamp, nayo uiwekee Current & Below, na brashi yake iwe nyembamba sana. Chota juu ya ukingo wenyewe, mahali ambapo kola na ngozi zinakutana vizuri na mstari una mwelekeo uleule, kisha upake juu ya ukingo ulioharibika, msalaba wa kuchotea na duara la brashi vyote vikiwa vimelaliwa na mstari kwa namna moja. Clone Stamp hainakili zaidi ya inachokiona, na hapa unyonge wake ndio faida: haina hesabu ya kupatanisha, hivyo haina cha kuchafua. Mwelekeo wa mstari ukiwa tofauti, dirisha la Clone Source lina kisanduku cha kuzungusha chanzo kwa nyuzi.

Kipele kilichopanda juu ya ukingo kabisa kinageuza utaratibu. Anza na Clone Stamp, rudisha mstari safi wa kola kwa upana wa pikseli chache, mpaka kipele kitengane na kitambaa. Ndipo uteue na kuponya kilichobaki, kwa maana sasa ni kipele cha kando ya ukingo tu, na hicho tumekwisha kijua.

Maski inahitaji maneno machache, kwa sababu inatwishwa mzigo usio wake. Baadhi ya wahariri hupaka bila kuteua, kisha wanaweka maski kwenye lile tabaka na kupaka rangi nyeusi juu ya kola. Kola inarudi safi, maana maski nyeusi inaficha tabaka la juu na kuonyesha picha ya asili. Lakini doa la upande wa ngozi linabaki palepale. Hesabu ilikwisha fanyika, weupe wa kola ulikwisha kuingia kwenye ile 119, na maski haiwezi kuurudisha nyuma. Inachoweza ni kuficha matokeo mahali fulani au kuyaonyesha. Uteuzi unafanya kazi kabla ya hesabu, maski baada yake. Itumie kwa kilichomwagika upande wa pili au kwa kupunguza nguvu ya marekebisho yaliyozidi, usiitegemee kusafisha ngozi.

Kujua kama umefaulu, usitegemee jicho peke yake kwenye picha ya kawaida. Fungua dirisha la Info kwa F8, pitisha kishale juu ya mahali palipoponywa na kisha juu ya ngozi ya jirani, usome namba. Tofauti ya namba mbili tatu ni mchoro wa ngozi. Kumi na tano inayopungua taratibu kutoka kwenye kola ni kola. Njia ya haraka zaidi ni kuweka juu ya kila kitu tabaka la muda la Curves lenye mpindo mkali unaokuza utofauti: doa lililojificha litatokeza kama wingu. Ukitumia tabaka hilo, usiiweke Sample kwenye All Layers bila kuwasha kitufe kilicho pembeni yake cha kupuuza matabaka ya marekebisho, la sivyo utachota ngozi yenye utofauti uliokuzwa na kuibandika kwenye picha yako.

Ziko kingo ambazo mbinu ya uteuzi mkali inazishindwa. Picha iliyopigwa kwa lenzi iliyofunguliwa sana inaweza kuwa na jicho kali na kola iliyotiwa ukungu, na ngozi ikageuka kitambaa kwa upana wa pikseli ishirini. Hakuna mstari wa kufuata hapo. Ukikata kwa Lasso, utaacha kovu jembamba ambalo ni baya kuliko kipele. Kwa kingo za aina hiyo, uache uteuzi, ufanye kile ambacho kwenye ukingo mkali hukifanya kwa Clone Stamp: weka chanzo cha Healing Brush juu ya ukingo wenye ukungu uleule, kwenye sehemu safi, na upake juu ya ukingo sambamba nao. Chanzo kina 95 pale panapotakiwa 80, na 235 pale panapotakiwa 235, kwa hiyo tofauti ya kupatanisha ni ndogo kila upande wa mpaka, na hakuna kinachoinuka katikati. Ikiwa chanzo kimekaa kando kwa pikseli kadhaa, utaona kola imepata mdomo wa pili. Rudi nyuma, kisogeze, gusa tena.

Ndevu zilizobaki kando ya kola, au nywele zilizoangukia juu yake, ni shida nyingine. Kila unywele una kingo zake mbili, na hakuna uteuzi utakaozizunguka zote kwa muda ambao mteja yuko tayari kuulipia. Hapo ni Clone Stamp, brashi ya pikseli tatu nne, na kukubali kwamba nywele mbili zitabaki.